Begi Likipotea Butini, Andika Barua ya Hesabu

Miezi michache iliyopita dada mmoja mfanyabiashara wa Mbeya aliniletea barua mbili. Ya kwanza aliiandika mwenyewe kwa kampuni ya mabasi iliyompotezea begi kati ya Dar es Salaam na Mbeya, akidai shilingi 3,500,000. Ya pili ilikuwa jibu la kampuni, mistari minne tu. Walisema wamesikitishwa, wakamkumbusha kwamba tiketi yake imeandikwa kuwa kampuni haihusiki na upotevu wa mizigo, kisha wakamwekea mezani shilingi 50,000 "kama mkono wa pole". Alitaka nimwandikie barua kali zaidi. Nilimwambia ukali haukuwa umepungua hata kidogo. Kilichopungua ni hesabu.

Huo ndio msimamo wangu baada ya miaka mingi ya kusoma barua za aina hii kama wakili. Abiria aliyepoteza mzigo ana haki nzito kuliko anavyodhani, na mara nyingi haki hiyo anaiharibu mwenyewe kwenye orodha ya vitu na bei zake. Anaandika kwa uchungu, anachanganya alichonacho ushahidi na asichonacho, anaongeza kidogo hapa na kidogo pale ili "wakipunguza kibaki cha maana". Afisa wa kampuni anayeisoma hatafuti ukweli wote wa barua. Anatafuta kitu kimoja kisichowezekana, na akikipata anakitumia kuikataa barua nzima.

Tuanze na haki yenyewe, maana bila kuielewa huwezi kujua barua ithibitishe nini. Unapompa utingo begi lako naye akaliweka kwenye buti, kuna jambo la kisheria limetokea hata kama hakuna aliyetia saini. Umeweka amana. Sheria yetu ya Mikataba, ambayo ilitungwa mwaka 1961 kwa kufuata kwa karibu ile ya India ya mwaka 1872, inamtaka aliyepokea mali ya mwenzake aitunze kwa uangalifu ambao mtu wa busara ya kawaida angeutumia kwa mali yake mwenyewe ya aina hiyo hiyo. Uzito wa amana uko hapa: ukishaonyesha mambo mawili, kwamba ulikabidhi mzigo na kwamba hukurudishiwa, zamu ya kueleza inahamia kwa aliyepokea. Si kazi yako kujua nani aliuchukua na uliteremshwa wapi. Buti lilikuwa na funguo zao, likifunguliwa na watu wao, wewe ukiwa umeketi kiti namba 23 huwezi kuona kinachoendelea chini yako.

Ndiyo maana begi la buti na begi la mkononi hayafanani. Mkoba uliouweka juu ya kiti chako au chini ya miguu hukuukabidhi kwa mtu; ulibaki mikononi mwako. Ukiibiwa ukiwa umesinzia, utalazimika kuonyesha kosa mahususi la kampuni, na hilo ni gumu. Kwa hiyo sentensi ya kwanza yenye maana katika barua yoyote ya madai ni ile inayosema nani alipokea mzigo, wapi, saa ngapi, na uliwekwa sehemu gani ya gari. Barua ya dada yule haikuwa nayo. Ilianza na "husika na kichwa cha habari hapo juu", ikaenda moja kwa moja kwenye mateso aliyoyapata.

Nilimketisha tukaanza upya. Aliondoka kituo cha Magufuli pale Mbezi saa 12 asubuhi. Begi lake la rangi ya bluu lilipokelewa na kijana mwenye fulana ya kampuni, likaingizwa kwenye buti la upande wa kushoto. Aliomba lebo, akajibiwa kwamba wa Mbeya hawahitaji kwa kuwa wanashuka mwisho wa safari. Basi lilifungua buti Morogoro, Iringa na Makambako. Mbeya walifika usiku, begi halikuwemo. Alipiga kelele, wakamwambia arudi asubuhi, akaenda nyumbani.

Kwa mtu anayeijua kazi ya buti, maelezo hayo yanatosha kukisia kilichotokea. Mizigo hupangwa kwa vituo, wa mbali ndani na wa karibu mlangoni, lakini kwenye haraka ya alfajiri mpangilio huo huvurugika. Gari likisimama njiani utingo ana dakika chache tu, abiria watano wamemzunguka, kila mmoja ananyoosha kidole: "lile bluu pale". Bila lebo yenye namba inayolingana na kipande alichobaki nacho abiria, anayeonyesha ndiye anayepewa. Mabegi mengi hupotea hivyo, kwa kuchukuliwa na mtu aliyedhani ni lake, au aliyejua si lake akaona hakuna anayemuuliza. Njia nyingine ni pale gari linapoharibika na abiria kufaulishwa kwenye basi lingine: watu wanahesabiwa, mizigo haihesabiwi. Ya tatu ndiyo nyepesi kuliko zote, begi linasahaulika butini na kulala gereji na gari.

Kila njia kati ya hizo inadai hatua ileile: usiondoke stendi kabla jambo halijaandikwa. Usiku uleule ofisi ya Mbeya ingeweza kupiga simu Makambako, Iringa na Morogoro, na aliyebeba begi la mwenziwe kwa makosa angekuwa bado analishangaa. Mwombe wakala aandike kwenye karatasi yoyote yenye jina la kampuni kwamba abiria fulani, tiketi namba fulani, gari namba fulani, ametoa taarifa ya kukosa begi saa fulani. Akikataa, andika mwenyewe, ipige picha pamoja na tiketi, umtumie kwa simu papo hapo. Ujumbe ule una saa na tarehe, na hakuna atakayesema baadaye kwamba ulikumbuka begi siku tatu mbele. Kisha nenda polisi upate ripoti ya upotevu. Dada yetu alikuwa na bahati moja: usiku ule alimtumia wakala ujumbe wa malalamiko, naye wakala akamjibu, "Tunalitafuta dada, kuwa na subira." Jibu hilo lilikuwa na thamani kuliko kurasa zake mbili za uchungu, kwa sababu lilikiri kwamba begi lilikuwepo.

Sasa tufungue orodha. Madai yake ya mwanzo yalikuwa hivi: kompyuta mpakato 1,200,000, fedha taslimu 600,000, nguo 200,000, biashara aliyoikosa 500,000, na usumbufu 1,000,000. Jumla 3,500,000. Tulivipitia kimoja kimoja, na karibu kila kimoja kilikuwa na kasoro yake.

Kompyuta aliinunua kwa bei hiyo miaka miwili nyuma, na risiti anayo. Lakini fidia hukurudisha pale ulipokuwa kabla ya hasara, na kabla ya hasara alikuwa na kompyuta iliyotumika miaka miwili. Nilimtuma kwenye maduka mawili yanayouza kompyuta zilizotumika aulize bei ya aina ileile, toleo lilelile. Moja lilimwandikia 680,000, la pili 720,000. Tukadai 700,000, tukaambatanisha risiti ya zamani pamoja na karatasi za maduka yote mawili. Mtu anaweza kuona amepoteza 500,000 kwa uaminifu huo. Lakini ile 1,200,000 hakuwa nayo kamwe, na bei ya kitu kipya kwa kitu kikuukuu ndiyo kasoro ya kwanza ambayo afisa wa madai huitafuta.

Fedha taslimu ndizo zilizotufungua macho. Ushahidi wake ulikuwa ujumbe wa simu unaoonyesha alitoa 600,000 kwa wakala wa fedha jioni ya kuamkia safari. Nikamuuliza, khanga za biashara zilizokuwa begini ulinunua kwa fedha ipi? Akanyamaza. Alitoa 600,000, akanunua doti 12 za khanga Kariakoo kwa 15,000 kila doti, yaani 180,000. Akalipa nauli 50,000, akamwachia mdogo wake 150,000. Zilizobaki begini zilikuwa 220,000. Hakuwa amekusudia kudanganya. Alikumbuka kiasi alichotoa akasahau kilikoenda, na zile khanga, ambazo zilikuwa na risiti halali ya mashine ya kodi, hata hakuziorodhesha kwa bei yake ya kununulia. Ndiyo maana nashauri kila abiria aandike orodha mara mbili, leo na kesho, kisha alinganishe. Mali bila daftari hupotea bila habari, na wahenga hawakuzungumzia wafanyabiashara peke yao.

Kuhusu hizo 220,000 nilimshauri azidai, ila aziweke kwenye sehemu yake peke yake. Fedha iliyo ndani ya begi haionwi na mtu. Ujumbe wa wakala wa fedha unathibitisha ilitoka, hauthibitishi iliingia begini. Tena kampuni ina hoja ya haki kwamba mtu mwangalifu habebi fedha butini. Ukiichanganya na khanga na kompyuta, udhaifu wake unaambukiza vitu vyenye risiti. Ukiitenga, afisa anaweza kuikataa hiyo na kulipa vingine bila kujiona amedanganywa.

Biashara iliyokosekana inahitaji maelezo zaidi, kwa sababu hapa ndipo abiria wengi huhisi wanaonewa. Mwaka 1854 mahakama ya Uingereza iliamua kesi ya Hadley na Baxendale. Mwenye kinu cha kusaga kule Gloucester aliwapa wasafirishaji mhimili wa mashine uliovunjika ili upelekwe kwa mafundi, nao wakachelewa. Kinu kikasimama, mwenye mali akadai faida yote aliyoikosa siku hizo. Mahakama ikakataa: msafirishaji anawajibika kwa hasara inayofuata kwa kawaida kutokana na kosa lake, au ile ambayo pande zote mbili ziliifikiria wakati wa kupatana, na kusimama kwa kinu hakukuwa hivyo. Kanuni hiyo ndiyo iliyomo kwenye kifungu cha 73 cha Sheria yetu ya Mikataba. Kwa dada yetu maana yake ni nyepesi. Doti 12 za khanga ndani ya begi la nguo hazikumwambia utingo kwamba kuna duka linazisubiri. Angezipeleka ofisini kama kifurushi cha biashara, akatangaza ni nini na za thamani gani, akalipia na kupewa stakabadhi, hoja yake ingekuwa na miguu. Kwa hali ilivyokuwa tulidai bei ya kununulia, 180,000, na ile 500,000 tukaiacha.

Usumbufu wa 1,000,000 nao tuliufuta. Siupuuzi, mtu aliyelala bila nguo ya kubadili ameumia kweli. Ila usumbufu usio na hesabu hualika jibu lisilo na hesabu, na ule "mkono wa pole" ulikuwa hasa jibu la hiyo milioni moja. Mahali pake tuliweka gharama zilizotokana na upotevu na zenye karatasi: ada na nauli za kupata nakala ya cheti cha kuzaliwa kilichokuwa begini, 40,000. Hati haina bei sokoni. Thamani yake katika madai ni gharama ya kuirudisha.

Nguo ndizo zilizokuwa ngumu kwa njia tofauti. Hana risiti ya hata moja, kama ambavyo wewe msomaji huna risiti ya shati ulilovaa. Hapa kuna dhana potofu ninayokutana nayo kila mara, kwamba bila risiti huna dai. Risiti ni ushahidi mmoja kati ya aina nyingi. Picha za harusi zinazomwonyesha amevaa gauni lililopotea ni ushahidi, maelezo ya rafiki aliyemwona akifunga begi ni ushahidi, na kauli yake mwenyewe, ikiwa ya kina na ya kiasi, ni ushahidi pia. Kwa hiyo "nguo 200,000" ikageuka kuwa magauni manne kwa makadirio ya 25,000 kila moja, suruali tatu kwa 15,000, na jozi mbili za viatu kwa 65,000 zote mbili. Jumla ikawa 210,000, juu kidogo ya ile ya mwanzo, lakini sasa kila shilingi ina kitu nyuma yake. Begi lenyewe, ambalo watu husahau kulidai, tuliliweka 45,000 kwa kuwa alilinunua 60,000 mwaka mmoja nyuma.

Barua mpya ilikuwa na ukurasa mmoja na nusu, imepelekwa kwa meneja wa makao makuu badala ya wakala wa stendi, ambaye hana mamlaka ya kulipa. Aya yake ya pili ilisomeka hivi:

"Begi langu la bluu lilipokelewa na mhudumu wenu katika kituo cha Magufuli na kuwekwa kwenye buti la kushoto la gari lililotajwa hapo juu. Niliomba lebo sikupewa. Nilipofika Mbeya sikurudishiwa begi hilo, nikatoa taarifa usiku huohuo kwa wakala wenu, ambaye alinijibu kwa ujumbe ulioambatanishwa. Naomba mnieleze kwa maandishi begi hilo liliteremshwa wapi na kwa nani, au mnilipe thamani yake kama ilivyoorodheshwa."

Orodha ilifuata katika makundi matatu: vitu vyenye risiti au karatasi ya bei, jumla 965,000, vitu vya makadirio, yaani nguo na viatu, 210,000, na fedha taslimu 220,000, kwa maelezo yake na ujumbe wa wakala wa fedha. Jumla kuu 1,395,000. Mwisho tuliomba majibu ndani ya siku 14, tukasema bila vitisho kwamba baada ya hapo shauri litapelekwa LATRA. Nakala yake aliigongesha muhuri wa "imepokelewa", na huo ni muhuri ambao usiondoke ofisini bila kuupata, kwani barua isiyo na tarehe ya kupokelewa inaweza kupotea kama begi.

Kuna msomaji atakayeuliza: na lile tangazo kwenye tiketi? Ni swali la haki, na ndilo ngao ya kampuni nyingi. Nguvu yake ni ndogo kuliko sauti yake. Kesi ya Parker na kampuni moja ya reli ya Uingereza, mwaka 1877, ilihusu begi hasa. Lilihifadhiwa stesheni, likapotea, na kwenye tiketi kulikuwa na maandishi kwamba kampuni haiwajibiki kwa mzigo wenye thamani inayozidi paundi 10. Mahakama haikusema maandishi hayo hayana maana, wala haikusema yanamfunga kila aliyeishika karatasi. Iliuliza kama kampuni ilifanya vya kutosha ili wateja wayajue masharti hayo. Mahakama zetu huzitazama kanuni za namna hiyo, na tangu zamani husoma maneno ya kujivua wajibu kwa kumbana aliyeyaandika. Tangazo la herufi ndogo nyuma ya tiketi, uliyopewa baada ya kulipa, halifuti uzembe wa kutoa begi kwa asiye mwenyewe. Ila nisikudanganye upande wa pili: kama bango kubwa lipo dirishani, linasema mzigo wa thamani utangazwe na ulipiwe, nawe ukalisoma ukapita, kampuni ina hoja, na dai lako litapungua.

Dhana nyingine hutoka kwa wanaosafiri kwa ndege. Wamezoea kwamba begi likikosekana siku 21 linahesabiwa limepotea na kuna kiwango cha juu cha fidia kinachojulikana duniani. Hayo hutokana na Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, unaohusu usafiri wa anga wa kimataifa. Basi la Mbeya haliko ndani yake. Barabarani hesabu hiyo huna budi kuijenga mwenyewe, kitu kwa kitu, na barua yako ndiyo inayoibeba.

Kampuni ilijibu siku ya 12. Haikusema begi lilikwenda wapi, na kimya hicho kwenye swali la msingi kilikuwa kukiri tosha. Walikubali kundi la kwanza lote, 965,000, wakakubali nusu ya makadirio ya nguo, 105,000, na kuzikataa fedha taslimu. Jumla 1,070,000, kwa sharti la kusaini karatasi ya kumaliza madai yote. Nilimweleza kwamba akisaini hawezi kurudi tena, hata begi likipatikana nusu tupu, na kwamba akikataa njia ipo: LATRA, ambayo kwa sheria ya mwaka 2019 inapokea malalamiko dhidi ya wasafirishaji, akisaidiwa na Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri Ardhini, na baada ya hapo mahakama. Alipima muda na nauli, akasaini. Naona alifanya vyema.

Dawa ya jambo hili haina gharama kubwa kwa upande wowote. Kampuni ichapishe lebo za namba zenye vipande viwili, na utingo asitoe begi lolote njiani bila kipande kulingana, hata kama abiria anapiga kelele. Abiria naye, kabla ya kufunga zipu, apige picha moja ya vilivyomo, na ya pili begi likiwa mlangoni mwa buti, namba ya gari ikionekana. Akinyimwa lebo, picha hiyo ndiyo lebo yake. Dada yule sasa akisafiri na khanga huzipeleka ofisini kama kifurushi, akaandikisha thamani na kuchukua stakabadhi. Kompyuta na fedha hukaa nazo mapajani.